"Hakufunga" kwenye majibu ya mafuta ya damu

Swali: Karatasi yangu ya maabara imeandikwa "trigliseridi 2.6, hakufunga". Ndiyo kusema kipimo ni batili? Na chembe zile zinazobeba mafuta ya chakula kwenye damu tuziite kilomikroni au vilomikroni?

Jibu: Kipimo si batili. "Hakufunga" inaeleza tu kwamba damu ilitolewa mtu akiwa amekula. Tatizo ni kwamba msomaji akiona "kufunga" huwaza saumu, na mgonjwa mwingine huwaza kufunga choo. Ni bora kuandika "alikuwa amekula", kisha muda. Hapo pia kuna mtego: "saa 3 baada ya kula" inaweza kusomeka kama saa tatu asubuhi. Andika "amekula saa saba mchana, damu imetolewa saa kumi jioni", na hakuna atakayepotea.

Muda huo una uzito. Ukila wali wa nazi, utumbo hufungasha mafuta yake ndani ya chembe hizo, nazo hupita kwenye mishipa ya limfu kabla ya kumwagika kwenye damu. Kiwango hufika kilele baada ya saa tatu au nne hivi. Zikiwa nyingi sana, maji ya damu huwa meupe kama tui, na yakikaa kwenye friji usiku kucha, mafuta huelea juu kama krimu.

Vilomikroni si sahihi, kwa sababu ki- hapo si kiambishi cha ngeli. Ni sehemu ya neno la Kigiriki lenye maana ya utomvu. Nami napendekeza kailomikroni, kwa kuwa "kilo" kwetu ni elfu, na mikroni elfu ni milimita nzima, ilhali chembe hizi kwa kawaida hazifiki hata mikroni moja. Sema kailomikroni hii, kailomikroni hizi.

Sasa hiyo 2.6, yaani milimoli kwa lita. Mlo wa kawaida hupandisha trigliseridi kwa wastani wa 0.3 tu. Ukiitoa, inabaki 2.3, na mwongozo wa wataalamu wa Ulaya wa mwaka 2016 huhesabu kuwa juu kuanzia 2.0 kwa aliyekula, na 1.7 kwa aliyekaa na njaa. Kwa hiyo mlo peke yake hautoshi kuieleza. Kailomikroni nzima ni kubwa mno kupenya ukuta wa mshipa, lakini ikishanyofolewa mafuta, masalia yake madogo yenye kolesteroli hupenya na kunasa humo. Mtu hushinda akiwa amekula, na ndiyo hali ambayo mishipa yake huiishi kutwa.

Trigliseridi ikizidi 5, mwongozo huo hushauri kurudia kipimo. Maelekezo yaandikwe hivi: "Usile chochote tangu saa mbili usiku, maji ruhusa, njoo saa mbili asubuhi." Ukiandika "njoo umefunga", wengine hawatakunywa hata maji.