Resipi, fezi na moduli za vifaa: kwa nini uzitenganishe

"Asalaam alaykum wakuu. Kiwandani kwetu tuna tangi mbili za kuchanganyia sabuni ya maji, PLC moja. Kila bosi akitaka bidhaa mpya nakopi programu nzima nabadilisha namba, sasa ziko tisa na anataka na tangi la tatu. Watu wananambia nitenganishe resipi, fezi na moduli. Kuna faida gani hasa?"

Waalaykum salaam mwenzangu. Kazi hizi za PLC nazifanya hapa Unguja, viwanda vidogo vidogo vya sabuni na juisi, nakujibu kwa niliyoyaona.

Mpangilio huo umo kwenye standadi ya ISA-88 iliyotoka 1995. Resipi inajua mambo ya sabuni tu: kitu gani, kilo ngapi, kipi kianze. Fezi ni kitendo kimoja chenye maana kwa mtu wa sabuni, kama kuongeza maji au kukoroga. Moduli ya vifaa ndo inayojua valvu ipi ifunguke na pampu ipi iwake. Ukitaka kujua kama umekata pahala pake, angalia resipi yako, ukikuta jina la valvu humo basi mpaka umekaa vibaya.

Chukua bachi ya kilo 500, resipi iwe hivi tu:

```
ONGEZA_MAJI    Kiasi=415
ONGEZA_SLES    Kiasi=60
KOROGA         Kasi=60  Dakika=20
ONGEZA_BETAINE Kiasi=15
ONGEZA_MANUKATO Kiasi=2
ONGEZA_CHUMVI  Kiasi=8
KOROGA         Kasi=40  Dakika=15
```

Sasa tuseme tangi la kwanza limekaa juu ya seli za mzani na la pili lina mita ya maji kwenye bomba. Kwa la kwanza moduli inasoma uzito wa kuanzia, inafungua valvu kubwa, ikikaribia inabaki na ndogo, halafu inafunga kabla ya kufika kwa sababu kuna maji bado yako njiani yanaanguka na yatahesabika baada ya valvu kufunga. Kwa la pili inahesabu palsi za mita basi. Kazi mbili tofauti kabisa lakini fezi zote mbili zinaitwa ONGEZA_MAJI, zinapokea Kiasi na mwisho zinarudisha kilo zilizoingia kweli. Resipi haijui tofauti, na haitakiwi kujua. Siku umegundua maji yanazidi kilo mbili kila bachi kwenye tangi la kwanza, unarekebisha kwenye moduli moja na bidhaa zote tisa zimepona, wakati kwa hizo kopi zako utafungua programu tisa na lazima moja utaisahau.

Pahala penye faida kubwa zaidi, na watu wengi hawapaangalii, ni umeme ukikatika au opereta akisimamisha katikati. Kila fezi inatakiwa iwe na hali zake: inafanya kazi, inashikiliwa, inaendelea, inasimama, imekwisha. Unaziandika mara moja kwa kila aina ya fezi, vizuri, unazijaribu, halafu resipi zote zinazitumia. Kuna kiwanda nilikuta chumvi ikishikiliwa kilo tano zishaingia, ikiwashwa tena inaanza sifuri, inatia nane nyengine. Sabuni ya SLES inakuwa nzito ukiongeza chumvi mpaka kiwango fulani, ukipita hapo inarudi kuwa nyepesi kama maji, kwahiyo wao walikuwa wanalaumu malighafi! Dalili ilikuwa bachi zinazoharibika ni zile zilizokatikiwa na umeme tu. Dawa yake ni kuhifadhi kiasi kilichoingia (na kwa tangi la mzani, ule uzito wa kuanzia) kwenye memori isiyofutika, fezi ikirudi itie kilichobaki.

Usivunje fezi vipande vidogo mno. Ukiwa na fezi ya "fungua valvu" umerudi kuprogramu ndani ya resipi. Na ukiwa na fezi moja ya "tengeneza sabuni" hakuna cha kutumia tena kwengine. Ulinzi kama kikorogeo kutowaka mfuniko ukiwa wazi uweke chini kabisa karibu na mota yenyewe, usiutegemee kwenye fezi, maana watu watawasha kwa mkono pia. Na kama tangi zinagawana pampu moja ya maji, moduli ya pampu iwe na utaratibu wa kuikamata na kuiachia, tangi jengine lisubiri.

Kwa mwenye tangi moja na bidhaa moja mimi simshauri ajisumbue. Wewe una tisa. Anza na ONGEZA_MAJI peke yake kwenye tangi zote mbili, uijaribu kwa maji matupu, uishikilie katikati, uzime na umeme kabisa, uone kilo zinatoka sawa. Ikikaa vizuri hamia chumvi. Tangi la tatu likija utaandika moduli zake tu, kwa vifaa litakavyokuja navyo, na zile resipi tisa hutozigusa.