Tulivyoisoma zabuni ya mahindi ya Kiingereza na kuiandikia chama muhtasari wa Kiswahili

Mwaka jana chama chetu cha msingi cha ushirika hapa Nachingwea kilipata tangazo la zabuni ya kupeleka mahindi Mtwara mjini. Kurasa 46, zote Kiingereza. Mwenyekiti alinikabidhi akaniambia, "Mwanangu, tuandikie ukurasa mmoja bodi ielewe." Niliandika, na rasimu ya kwanza ilikuwa na kosa ambalo lingetutoa mapema kabisa.

Zabuni ilitaka taarifa za fedha za miaka mitatu, zilizokaguliwa. Macho yangu yaliona neno "statement", na mimi nikaandika "taarifa ya benki ya miaka mitatu". Katibu akapanda bodaboda hadi benki, akalipia, akarudi na bahasha nene. Mjumbe mmoja mama, aliyewahi kuwa mtunza hazina, aliipokea, akafungua ukurasa wa kwanza, akauliza, "Sasa muhuri wa mkaguzi uko wapi?" Haukuwapo, kwa sababu taarifa ya benki inaonyesha fedha zilizoingia na kutoka kwenye akaunti tu. Kilichotakiwa ni hesabu za mwaka, yaani mapato, matumizi, mali na madeni, pamoja na maoni ya mkaguzi. Kwetu sisi vyama vya ushirika hiyo kwa kawaida ni ripoti ya COASCO, shirika linalokagua hesabu za vyama vya ushirika, na tayari ilikuwa kabatini.

Tangu siku ile kila sharti ninalolitafsiri naliandikia na jina la karatasi yenyewe kama chama kinavyoiita: "hesabu zilizokaguliwa, ile ripoti ya COASCO". Pembeni naweka namba ya ukurasa na ya kifungu, ili mwenye shaka aende kwenye zabuni yenyewe asinitegemee mimi.

Jambo la pili nililojifunza ni kutochanganya masharti ya kustahili na vigezo vya tathmini. Masharti ya kustahili hayana alama. Unacho au huna, na ukikosa kimoja zabuni yako inawekwa kando hata kama ghala lako ni zuri kuliko yote. Vigezo vya tathmini ndivyo vyenye alama, na hapo unaweza kupungukiwa huku ukafidia kule. Kwenye rasimu yangu ya kwanza nilivipanga vyote katika orodha moja, na bodi ikatumia karibu saa nzima kujadili kununua machaga mapya ya ghalani, jambo la alama chache, wakati hati ya kutodaiwa kodi, ambayo ni ya kufa na kupona, haijaombwa. Sasa vinakaa kurasa mbili tofauti. Njia ya kuvitenganisha kwenye Kiingereza ni kutazama kitenzi: penye "shall" au "must" ni lazima, penye "should" au "may" soma tena kabla ya kuandika "lazima". Na angalia kama zabuni ina jedwali fupi la taarifa mahususi baada ya maelekezo ya jumla. Zikigongana, kwa kawaida jedwali ndilo linaloshika, kwa hiyo mimi huanza kusoma huko.

Sharti lililotusumbua zaidi lilikuwa la wastani wa "turnover" wa miaka mitatu, usiopungua shilingi milioni 45 kwa fungu moja la tani 40. Mafungu yalikuwa mawili, na anayeomba yote mawili alitakiwa kujumlisha, yaani milioni 90. Neno hilo si faida, wala si salio la benki. Ni mapato ya biashara kabla ya kutoa gharama. Wajumbe walifurahi, kwa sababu korosho na ufuta wa wanachama tunaoukusanya kila msimu una thamani ya mamia ya milioni. Lakini fedha hizo ni za wakulima, zinapita tu kwenye chama. Kwenye hesabu zetu zilizokaguliwa, mapato ya chama ni ushuru wetu na mauzo machache tuliyofanya wenyewe: milioni 48 mwaka wa kwanza, 61 wa pili, 35 wa tatu. Jumla milioni 144, gawa kwa tatu, wastani milioni 48. Mjumbe mmoja alikuwa ameshakata tamaa kwa kutazama ile 35 ya mwisho. Zabuni iliuliza wastani, na kwa wastani tulikuwa ndani.

Je, fedha ya korosho inahesabika au haihesabiki? Zabuni haikusema. Hapo usikisie, wala usimwandikie mwenyekiti jibu analolipenda. Tuliandika barua kwa Kiingereza kuomba ufafanuzi, na tulikuwa na hadi siku 7 kabla ya kufungwa kwa zabuni. Tukauliza na swali la pili: walitaka cheti cha usajili wa kampuni, nasi si kampuni, tumesajiliwa na Mrajis chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013. Majibu yalikuja kwa wazabuni wote. Cheti cha ushirika kinakubalika. Fedha inayopita kwa niaba ya wanachama haihesabiki. Kwa hiyo uwezo wetu ukawa fungu moja, na ningekuwa nimeandika kwa matumaini, tungeomba mawili na kukosa yote.

Ukurasa wa tathmini niliuandika kwa mfano wa hesabu, kwa sababu bodi ilikuwa inaamini kwamba mwenye bei ya chini ndiye anayeshinda. Zabuni nyingi za bidhaa huwa hivyo kweli: waliotimiza masharti wanalinganishwa kwa bei tu. Hii haikuwa hivyo. Ubora wa kiufundi ulibeba asilimia 70, bei asilimia 30, na aliyepata chini ya alama 70 za kiufundi bahasha yake ya bei haifunguliwi. Nikawawekea ubaoni: tuseme sisi tumepata alama 82 na bei yetu ni shilingi 900 kwa kilo, mwenzetu kapata 74 na bei yake, iliyo ya chini kuliko zote, ni 810.

Kiufundi sisi 82 mara 0.7 ni 57.4, yeye 51.8. Kwa bei, wa chini kabisa anapata 30 zote. Sisi tunachukua 810 tunagawa kwa 900, tunapata 0.9, mara 30 ni 27. Jumla yetu 84.4, yake 81.8. Mzee mmoja aliyekaa nyuma alisema, "Kumbe tusijiumize kwa bei." Ndiyo, mradi zile 82 zipatikane, na nyingi zilitegemea mpango wa ubora: unyevu usiozidi asilimia 13.5, kipima unyevu chenyewe kiwepo, na maelezo ya namna tutakavyopima sumukuvu. Kipima unyevu hatukuwa nacho. Niliandika "HATUNA" kwa herufi kubwa, kwa sababu muhtasari unaoficha upungufu ni hatari kuliko kutokuwa na muhtasari.

Kikao kiliisha baada ya saa kumi jioni. Bodi ilikubaliana kuomba fungu la kwanza peke yake, mahindi yafikishwe Mtwara kwa bei yenye usafiri ndani yake. Katibu aliandika majina mbele ya kila sharti: nani aombe hati ya kodi, nani atoe nakala za ripoti ya COASCO, nani atafute kipima unyevu cha kununua Masasi, na kila jina likapewa tarehe.