Usiifunge saa yako juu ya mpira wa zamani

*"Saa yangu ya betri imeandikwa 50M nyuma, mshale wa sekunde umeanza kuruka sekunde nne nne. Nataka kuifungua mwenyewe kwa kisu kidogo, nibadilishe betri, Jumapili niogelee nayo baharini Raskazone, Tanga. Ninunue betri gani, na itadumu miaka mingapi?"*

Weka hicho kisu chini kwanza. Betri ndiyo sehemu rahisi kuliko zote: soma namba iliyochorwa juu ya ile iliyomo, kwa mfano SR626SW, kisha nunua yenye namba hiyohiyo. Kinachoiua saa ni namna unavyoifunga baada ya hapo, na katika swali lako lote hukuugusa mpira.

Ndani ya mfuniko wa nyuma kuna pete nyembamba ya mpira, mafundi wengine huiita oringi, iliyolala katika mfereji wake. Maneno 50M yaliyoandikwa nyuma ya saa yako, yaani kwamba inastahimili shinikizo la maji la kina cha mita 50, yanaitegemea pete hiyo. Saa ikiwa mpya, mpira huo ni wa mviringo ukiukata, na mfuniko ukiubana hujaribu kurudi katika umbo lake, na kule kujaribu kurudi ndiko kunakoziba njia ya maji. Ukikaa umebanwa kwa miaka, unazoea ubapa. Madhali saa haijafunguliwa, mara nyingi huendelea kuzuia maji, kwa sababu kila bonde la mpira limekaa juu ya kilima chake. Ukiufungua mfuniko na kuurudisha, hata ukiukosea kwa unywele mmoja, mabonde na vilima havikutani tena.

Haya sikuyajua nilipoipeleka saa yangu, nayo ilikuwa ya 50M kama yako, kwa fundi mmoja wa Ngamiani. Alichomeka ncha ya kisu, mfuniko ukaruka, betri mpya ikaingia, na mpira ukabaki unaning'inia nje ya mfereji kwa sababu ulikuwa umelegea na kurefuka. Aliusukuma ndani kwa ukucha, akabonyeza mfuniko kwa vidole gumba viwili mpaka ukalia "ka!", kisha akanihakikishia kwa sauti ya mtu aliyeiunda saa hiyo mwenyewe: "Hii ni ya maji kaka, kaogelee tu." Mlio ule hauna maana yoyote, kwani mfuniko hulia vilevile hata kama umeung'ata mpira na kuukata. Nilimwamini, na anayetaka kunicheka apange foleni, kwani mke wangu ametangulia na hajamaliza zamu yake.

Nilikaa juani Raskazone mchana kutwa, kisha nikaingia baharini. Hapo ndipo watu wengi wanapodanganyika, wakidhani kwamba maji yasiyo ya kina hayawezi kupenya. Saa iliyopata joto la jua ina hewa ya moto ndani yake; ukiitumbukiza ghafla katika maji ya baridi, hewa hiyo husinyaa na kuvuta kuelekea ndani. Ikiwa mpira umeacha upenyo popote, saa inayanywa maji yenyewe, hata ukiwa umesimama maji ya kiunoni.

Siku ile sikuona kitu. Asubuhi yake kioo kilikuwa na ukungu kwa ndani, upande mmoja tu, karibu na namba 8 ya kwenye uso wake. Nilirudi kwa yule bwana, naye akaniagiza niifukie katika mchele. Ushauri huo ulinigharimu kuliko kisu chake. Mchele, hata ukifyonza unyevu kidogo, hauiondoi chumvi, na chumvi ikiwa imelowa huku betri iko ndani, umeme wa betri huharakisha kuliwa kwa shaba. Ndani ya saa yako kuna koili ya waya wa shaba mwembamba kuliko unywele. Ukikatika mahali pamoja tu, mishale inasimama. Saa yangu iliposimama, fundi mwingine aliifungua mbele yangu: palipogusana na betri pameota ukijani, vigurudumu vina kutu, na koili imekatika. Mashine yote ya ndani ilibidi ibadilishwe. Pete ya mpira iliyoanzisha yote hayo ni kitu cha bei ndogo kuliko hata betri. Kilichotakiwa kufanywa asubuhi ile ni kuifungua saa papo hapo, kuitoa betri, na kumwachia fundi anayejua aivunje mashine na kuisafisha chumvi kabla haijakauka humo.

Basi ukimpata fundi, simama hapohapo uangalie. Mpira wa zamani utolewe kwa kibano na usirudi ndani. Ukitaka kujua kwa nini, ulaze juu ya kioo: utaona umekuwa bapa kama utepe, na ukiuvuta taratibu huenda ukaonyesha nyufa. Mpya ulingane kwa kipenyo na pia kwa unene, kwa sababu mwembamba mno haubanwi, na mnene mno hung'atwa na mfuniko. Tofauti ya sehemu ya kumi ya milimita inatosha kuharibu kazi. Mfereji usafishwe kwa kijiti cha meno, si kwa bisibisi, kwani mkwaruzo mmoja unaoukata ukingo ule unakuwa mfereji wa maji chini ya mpira mpya. Kisu chako kingeanzia hapohapo. Kisha mpira upakwe grisi ya silikoni kiasi cha kung'aa tu, ili mfuniko ukishuka uteleze usijisokote. Mafuta ya mgando ya kujipaka si badala yake, kwa kuwa aina nyingine za mpira huvimba zikipakwa hayo. Mfuniko wa kubonyeza ufungwe kwa mashine ya kubania, inayoshuka sawa pande zote.

Baada ya hapo saa ipimwe. Fundi mwenye chombo cha kupimia huining'iniza juu ya maji katika chupa iliyozibwa, hujaza hewa kwa shinikizo, huishusha majini, kisha hulipunguza shinikizo polepole. Vipovu vikitoka mfululizo mahali pamoja, hewa iliingia, kwa hiyo na maji yangeingia. Huitoa saa haraka kabla shinikizo halijaisha. Angalia vinatokea wapi. Vikitoka kwenye kile kitufe cha pembeni cha kurekebishia majira, kina mpira wake mdogo ambao haubadilishwi mtu anapobadilisha betri, na mpira mpya wa mfuniko hautakusaidia chochote.

Ukishuku kwamba unyevu umeshaingia, ipashe saa joto la kadiri ya nyuzi 40 hadi 45 kwa muda wa dakika 10 hadi 20, dondoshea kioo tone la maji yasiyo na joto, subiri dakika moja, ufute. Ukungu ukibaki chini ya kioo, maji yamo. Usipobaki, jua tu kwamba ndani ni pakavu kwa sasa; kipimo hicho hakikuambii kama bahari itaingia kesho.

Na kama fundi hana chombo cha kupimia, mwache abadilishe betri na mpira, umlipe, uivae saa hiyo msikitini, kanisani na sokoni. Jumapili ingia Raskazone mkono mtupu, na ukitaka kujua saa ngapi, waulize walio ufukweni.