Kiasi kwanza, hadithi baadaye

"Ukurasa wetu wa mtandaoni wa kuchangisha cherehani za kushonea mikoba ya leso, hapa Kongowea, unaanza na maisha ya mama. Nibadilishe?"

— Msiiguse. Hadithi ndiyo hutoa pesa.

— Hutoa, dada, ila si ikikaa juu. Kwenye simu mtu huona mistari michache tu kabla ya kuamua kusoma au kupita. Hapo andika: "Tunatafuta shilingi 240,000: cherehani nne za 45,000 kila moja, na vitambaa vya 60,000. Tunafunga 30 Juni, mikoba inatoka Septemba."

Zifuate zawadi za wachangiaji, na hapa ndipo wengi huumia. Mchango wa 1,500 ukirudishwa kwa mkoba unaogharimu 900 kuushona na 450 kuutuma, toa na ada ya jukwaa, tuseme asilimia 5: mnabakiwa na 75. Ukurasa utaonyesha lengo limetimia na cherehani hakuna. Pandisheni hadi 2,500, au mchangiaji wa Mombasa aufuate mkoba mwenyewe.

Hatari iandikwe pamoja na dawa yake: "Vitambaa vikikwama bandarini, tutanunua leso mtaa wa Biashara." Kisha hadithi ya mama, aya mbili.

— Sisi tulichangisha bili ya hospitali, hatukuweka zawadi yoyote.

— Ya matibabu haidai zawadi. Kiasi na tarehe bado vitangulie.

— Na picha ya mama?

— Mimi ningeiacha juu. Wengine watakataa.