Nia tatu za kushika pesa: mitego ya kweli au si kweli

*"Wakuu naomba msaada, nipo form six, kwenye upendeleo wa ukwasi nazijua nia zote tatu kwa kichwa lakini maswali ya kweli au si kweli yananiangusha kila mtihani. Nakosea wapi?"*

Mdogo wangu, mi nilisoma uchumi huo huo na baadae nikafundisha tuisheni miaka kadhaa, na karibu kila aliyekosea alikosea sehemu moja, nia ya tatu, ile ya kukisia. Mi mwenyewe kwenye moko niliandika "kweli" kwa sentensi inayosema "riba ikipanda watu hushika pesa nyingi zaidi kwa ajili ya kukisia", nikiwaza riba juu si ndo watu wanavutwa na pesa. Nikala sifuri.

Upendeleo wa ukwasi ni watu kupenda kushika pesa taslimu kuliko kuiweka kwenye kitu kinacholipa riba. Hizo nia mbili za kwanza hazina shida sana. Pesa ya miamala ni ile ya nauli, unga, kodi, unashika kwa sababu mshahara unakuja mara moja kwa mwezi na matumizi yapo kila siku. Pesa ya tahadhari ni ya mtoto kuumwa usiku au gari kuharibika njiani. Kwa Keynes, mchumi aliyetoa nadharia hii 1936, zote mbili zinafuata hasa kipato. Kwa hiyo ukiona "nia ya tahadhari hutegemea zaidi riba" weka si kweli.

Sasa ya tatu usiikariri, ipige hesabu. Chukua hatifungani isiyo na mwisho inayolipa 10,000 kila mwaka. Riba sokoni ikiwa asilimia 10, mtu atainunua kwa 100,000, maana 10,000 ni asilimia 10 ya hiyo. Riba ikishuka hadi 8, ile 10,000 inastahili bei ya 125,000. Ikipanda hadi 12.5, bei inaanguka hadi 80,000. Malipo hayajabadilika hata senti, kilichobadilika ni bei tu, na inaenda kinyume na riba.

Haya, jiweke kwenye viatu vya mwenye pesa. Riba ipo 8, anaona ni ya chini na anahisi itapanda, je anunue? Akinunua kwa 125,000 halafu riba ikarudi 10, mkononi ana kitu cha 100,000, kapoteza 25,000 na malipo ya mwaka ni 10,000 tu, hasara 15,000 kavu. Bora angekaa na noti zake asubiri. Huko kusubiri ndo nia ya kukisia. Kwa hiyo riba ya chini pesa nyingi mkononi, riba ya juu watu wanazitoa wananunua hatifungani, kwanza wanalipwa vizuri, pili wanategemea riba ishuke bei ipande.

Endelea kushusha uone. Riba ikiwa 2 tu hatifungani hiyo ni 500,000, ikipanda kidogo hadi 2.05 bei inakuwa kama 487,800, umepoteza zaidi ya 12,000, malipo ya mwaka mzima yamemezwa na kupanda kudogo hivyo. Nani atanunua? Hapo ndo mtego wa ukwasi unapotokea, mstari wa mahitaji ya pesa kwenye grafu unalala, benki kuu ikiongeza pesa watu wanazishika tu na riba haishuki tena. Wanapenda kukutegea kwa kusema kwenye mtego huo mstari "umesimama wima". Si kweli, umelala.

Mtego mwingine uliomaliza wanafunzi wangu ni huu: "kupanda kwa riba huhamisha mstari wa mahitaji ya pesa kwenda kushoto". Sentensi inasikika sawa kwa sababu pesa inayohitajika inapungua kweli, lakini riba ipo kwenye mhimili wa grafu yenyewe, ikibadilika unatembea juu ya mstari ule ule. Kinachohamisha mstari ni kitu cha nje, mfano kipato kikipanda unaenda kulia. Mi nilikuwa nawaambia chora kwanza pembeni ya karatasi ndo ujibu.

Halafu kuna "riba ni malipo ya kuweka akiba". Hayo ni mawazo ya waliomtangulia Keynes. Yeye alisema ni malipo ya kuachana na ukwasi, maana ukificha akiba yako chini ya godoro hulipwi chochote. Swali likianza na "kwa mujibu wa Keynes" hiyo ni si kweli.

Moja ya mwisho, soma jina la mtu kwenye swali. "Pesa ya miamala haiguswi kabisa na riba" inakubalika kwenye Keynes wa darasani, ila Baumol 1952 na Tobin 1956 walionyesha riba ikiwa juu watu hupunguza hata pesa ya miamala, wanaiacha kwenye kitu kinacholipa na kuitoa kidogo kidogo. Swali likimtaja mmoja wao jibu linageuka.