Madumu kumi na mawili, dumu moja kila Jumamosi

*Shikamoo mtaalamu. Tuko Chikongola, Mtwara, watu sita: mimi, mume wangu, mama mkwe na watoto watatu, wa mwisho ana miezi minane. Tangu zile habari za vimbunga naweka maji kwenye madumu ya njano nyuma ya nyumba, lakini nilipofungua moja juzi maji yamekuwa ya kijani. Niweke kiasi gani, kwenye chombo gani, na niyabadili kila baada ya muda gani?*

Marahaba, mama. Maji hayo ya kijani yamwagilie mchicha, msinywe. Ule ni mwani mdogo wa majini unaostawi penye mwanga. Dumu la njano hupitisha mwanga, na ukilianika juani unaupa mwani kila unachohitaji. Mahali pa madumu ni chumba chenye giza, kwenye upande wa nyumba usiopigwa na jua la mchana.

Tuanze na hesabu, kwa sababu ndiyo itakayoamua mengine. Ya kunywa na kupikia, kwa joto la pwani yetu, mhesabu lita 5 kwa mtu mmoja kwa siku. Vitabu vingi vya nje hutaja karibu lita 4, lakini jasho la Mtwara mwezi wa Machi mnalijua wenyewe, na mama anayenyonyesha hunywa zaidi ya wengine. Sasa siku ngapi? Mimi nasema saba, si tatu. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya na mvua zake, barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam ilikatika maeneo ya Somanga, na magari yakakwama siku kadhaa. Hapo huwezi kutegemea kwamba chupa za maji dukani zitaletwa kesho. Umeme nao ukikatika, pampu zinasimama na bomba linakauka.

Watu 6 mara lita 5 mara siku 7 ni lita 210. Ni madumu 11 ya lita 20. Ongeza moja yawe 12. Sababu yake utaiona huko chini.

Hayo hayahusu kuoga, kufua wala choo. Kwa kazi hizo, kimbunga hakikosi maji: mvua itajaza kila ndoo utakayoweka chini ya bati. Linalokosekana ni maji safi. Visima vifupi hufurika, maji ya vyoo vya shimo huingia humo, na kipindupindu hufuata. Kama mna simtanki, ijazeni mara tangazo la Mamlaka ya Hali ya Hewa linapotoka, kisha mfunge koki ya kuingizia. Tangi lililojaa halipeperushwi na upepo kirahisi kama tupu, na koki iliyofungwa inazuia maji machafu ya bomba yasiharibu yale mliyonayo.

Kuhusu chombo, dumu la lita 20 lililokuwa na mafuta ya kula linafaa, kwa sharti moja: mafuta yote yatoke. Mafuta yakibaki hula klorini, na baada ya wiki chache maji yananuka uvundo. Osha kwa maji ya moto na sabuni, rudia mpaka ukipitisha kidole ndani ya mdomo wa dumu kisiteleze. Usitikise na mchanga kama tulivyozoea, kwa sababu mchanga hukwaruza plastiki na uchafu hujificha kwenye mikwaruzo. Mwisho chukua lita moja ya maji, tia vijiko viwili vya chai vya jiki isiyo na manukato, funga, zungusha ifike kila pembe na kwenye mfuniko, acha nusu dakika, mwaga, na uache dumu likauke.

Hapa nawasihi kwa moyo wote, hasa nyinyi wenye mikorosho. Dumu lililowahi kubeba dawa ya kupulizia mikorosho, petroli au mafuta ya taa halioshwi likawa safi. Plastiki hunywa kemikali na kuirudisha kwenye maji polepole, na klorini haiwezi kuiondoa, wala kuchemsha. Nimewahi kuingia ghala la familia moja ambako madumu ya maji yalipangwa kando ya mapipa ya dawa na mifuko ya salfa. Madumu yenyewe yalikuwa mapya, lakini maji yalikuwa na harufu ya dawa, kwa kuwa mvuke wa kemikali hupenya plastiki hata mfuniko ukiwa umekazwa. Kama hujui dumu lilibeba nini, liache.

Jaba kubwa la lita 200 silipendi kwa maji ya kunywa. Mdomo wake ni mpana, kila mtu anachota na kopo lake, na mkono mmoja mchafu unachafua maji ya wiki nzima. Kwenye dumu unamimina, na likichafuka umepoteza lita 20 tu.

Maji ya bomba yaliyo maangavu, tia robo kijiko cha chai cha jiki kwa dumu la lita 20. Ya kisima yaliyo maangavu, nusu kijiko. Vipimo hivi ni vya jiki isiyo na manukato ambayo lebo yake inaonyesha asilimia 3.5, na kijiko kiwe cha kupimia, cha mililita 5. Chupa ya jiki iliyokaa mwaka kwenye joto imepoteza nguvu, kwa hiyo nunua mpya. Ukitumia vidonge vya duka la dawa, fuata pakiti yake. Maji yenye tope yaache yatuame, uyachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, ndipo utie dawa, kwa sababu tope huwakinga vijidudu. Subiri nusu saa kabla ya kunywa. Harufu hafifu ya klorini ni dalili nzuri.

Sasa lile dumu la kumi na mbili. Mwongozo wa kawaida ni kubadili maji mliyojaza wenyewe kila miezi 6. Kwa joto letu, na mifuniko iliyokwisha kutumika, naona miezi 3 ni salama zaidi, maana klorini hupungua haraka kwenye joto. Lakini kumwaga madumu 12 siku moja ni kazi inayoahirishwa mpaka isahaulike. Kwa hiyo andika namba 1 hadi 12 kwa rangi, na tarehe kwenye kipande cha plasta. Kila Jumamosi fungua dumu moja kwa kupikia, lioshe, lijaze, lirudishe mwisho wa foleni. Baada ya wiki 12 yote yamepita, na wakati wowote kimbunga kikija mna madumu 11 yasiyoguswa. Mtakayokuwa nayo Novemba, msimu wa vimbunga unapoanza, yatakuwa mapya bila kazi ya ziada.

Yapange sakafuni juu ya mbao, safu moja tu. Dumu lililojaa lina kilo 20, na likianguka kutoka rafuni linaweza kumwumiza mtoto na kupasuka.

Kwa yule wa miezi minane, kama anapewa uji au maziwa ya kopo, chemsha maji yake yatokote dakika moja hata kama yametiwa dawa. Weka mkaa kidogo ndani ya mfuko wa plastiki usioloa, pamoja na kiberiti, karibu na dumu namba moja.