Uliza mmebaki wangapi, na jibu lini

Msomaji mmoja wa Wete kaniandikia juzi. Katoka kwenye usaili wa hoteli huko Paje, kaambiwa "tutakupigia", na anaona haya kuuliza zaidi. Haya ya nini, mdogo wangu? Wanapokwambia "una swali lolote?", ndipo mahali pake hapo.

Mimi niliuliza, na kazi niliyonayo leo naipa shukrani swali hilo. Ilikuwa Mei, masika yanaishia, hoteli za Nungwi zinatafuta watu kabla ya wageni wa Juni. Nafasi ilikuwa ya msimamizi wa mapokezi. Nikamwambia meneja: "Samahani, hatua hii mmebaki na watu wangapi, kwa nafasi ngapi, na mnategemea kutoa jibu lini?" Akanijibu vizuri tu: watatu, nafasi moja, Alhamisi.

Hilo la nafasi ngapi usiliache. Watu wanne kwa nafasi tatu ni khabari njema. Wanne kwa nafasi moja, endelea kutuma maombi kwengine. Ukiambiwa "bado tunapokea maombi", basi orodha haijafungwa na tarehe utakayopewa ni ya kukisia.

Lakini siku ndiyo iliyoniokoa. Hoteli nyengine, ya Kiwengwa, ilikuwa imeshanipa mkataba na inataka jibu Jumanne. Kwa kuwa naijua Alhamisi ya Nungwi, niliwapigia Kiwengwa nikaomba mpaka Jumamosi jioni. Wakakubali, kwa sababu niliomba siku maalumu. Ningesema "nipeni muda kidogo" wangempa mwengine.

Alhamisi ikapita kimya. Ijumaa asubuhi nikaandika: "Assalamu alaykum. Nilifanya usaili wa msimamizi wa mapokezi. Mlitarajia kutoa jibu jana; je, uamuzi umefika wapi? Nina mkataba kwengine unaosubiri jibu langu kesho jioni, ila hapa ndipo ninapopataka." Meneja akanipigia: waliyemchagua mwanzo walikuwa hawajakubaliana naye mshahara, na mimi ndiye wa pili. Jumamosi mchana nikaitwa kusaini.

Ndivyo ilivyo mara nyingi. Siku ikipita bila ya neno, huenda wa kwanza hajasaini, au saini ya mkurugenzi aliye safarini haijapatikana. Subiri siku moja ya kazi, kisha uliza mara moja, kwa maandishi. Majina ya wenzako usiyaulize kabisa.

Kuna kampuni iliyowahi kuniweka bila ya jibu mpaka msimu ukaanza, na bado inaniuma. Kwa hiyo nasema kwa nguvu: msitoke chumba cha usaili bila ya siku mkononi. Na aliyekuita akiwa wakala, si hoteli yenyewe, muulize tena: hao watatu ni wote, au ni wale uliowapeleka wewe tu? Wakala huwajua watu wake. Waliopelekwa na mawakala wengine, au walioomba hotelini moja kwa moja, hana khabari nao.